Arseniki isiyokuwa arseniki: makosa mawili ya ICP-MS niliyokaribia kuyatia sahihi

Leo ninataka kuwaeleza kitu kilichonipata kwenye labo. Karibu niwaambie mama fulani wa Kolwezi kama udongo wa palo yake iko na sumu, na mama mwingine wa Kipushi kama yake iko salama. Majibu yote mawili yalikuwa ya uongo. Mashine haikuharibika. Ni mimi njo sikujua kuisoma.

Mdogo wetu mmoja, mwanafunzi wa kemia, alikuwa anatayarisha memwari yake. Alikusanya udongo kwenye palo za watu: upande wa Kolwezi, pale watu wanapovunja na kusafisha mawe ya heterojeniti karibu na nyumba, na upande wa Kipushi, karibu na mabaki ya mine ya zamani. Alitaka kujua arseniki iko kiasi gani. Kama kipimo tulitumia kiwango cha Kanada cha udongo, miligramu 12 za arseniki kwa kilo moja ya udongo, maana ni kiwango kinachojulikana na kinaandikwa wazi. Kazi ya kupima ilikuwa yangu.

Tuanze na udongo wenyewe, juu ICP-MS haipimi udongo. Inapima maji. Kila kitu unachotaka kuona lazima kwanza kiyeyuke ndani ya asidi, na pale tayari unaweza kupoteza jibu kabla ya kuwasha mashine.

Siku ya kwanza nilifanya kwa haraka. Nilipima gramu 0.25 za udongo ndani ya kopo la kioo lililo wazi, nikamwaga asidi kloridriki, nikaweka juu ya sahani ya moto, kisha nikaongeza asidi nitriki baadaye. Pamoja na sampuli nilipitisha udongo wa rejea, ule unaonunuliwa ukiwa na thamani zilizothibitishwa. Udongo huo ulinirudishia asilimia 68 tu ya arseniki yake. Sehemu iliyobaki ilienda wapi? Ilipanda hewani. Arseniki ikiwa katika hali ya tatu inakutana na klori nyingi na kufanya AsCl3, na hiyo inachemka kwenye digri 130 tu. Kopo wazi, moto, klori: njo kusema nilikuwa ninapika arseniki na kuifukuza kupitia dirisha.

Mara ya pili nilibadilisha mambo mawili. Nilitia kwanza mililita 9 za asidi nitriki, nikaacha kidogo, kisha mililita 3 za asidi kloridriki. Nitriki inaipeleka arseniki kwenye hali ya tano, ambayo haikimbii kirahisi. Tena nilitumia chupa zinazofungwa, ndani ya furu ya mikro-onde, kwenye digri 175. Nilingoja chupa zipoe kabisa kabla ya kufungua. Udongo wa rejea ulirudisha asilimia 96. Chini ya chupa kulibaki mchanga mweupe: ni silika, na asidi hizi mbili haziiyeyushi. Kwa hiyo kwenye rapore hatuandiki "arseniki yote", tunaandika arseniki iliyotolewa na asidi. Ni tofauti ndogo ya maneno, lakini juri wakikuuliza, njo pale wanakukamatia.

Nilijaza maji safi mpaka mililita 50, kisha nikapunguza tena mara 10. Ukihesabu: gramu 0.25 ndani ya mililita 50 ni mara 200, ukizidisha na 10 unapata 2000. Shika hii namba 2000, itarudi. Maana yake ni kwamba kila mikrogramu moja kwa lita ambayo mashine inasoma ni miligramu 2 kwa kilo ndani ya udongo.

Sasa mashine. Maji yanapulizwa kama ukungu mwembamba na kuingia ndani ya plazma ya argoni, moto wa digri elfu kadhaa. Mule kila molekuli inavunjika, atomu inapoteza elektroni moja na inakuwa ioni. Ioni zinapita kwenye tundu dogo, zinaingia ndani ya utupu, na chujio moja inazichagua kwa uzito. Unaiambia mashine: "Nihesabie 75." Inahesabu kila kitu chenye uzito 75. Rudieni hiyo sentensi. Mashine haijui arseniki. Inajua 75 tu.

Na arseniki ni maskini wa isotopi. Iko na moja tu, ile ya 75. Shaba iko na 63 na 65, ukiwa na mashaka juu ya moja unauliza ile ingine. Kwa arseniki hakuna wa kuuliza.

Vitabu vyote vinakuonya juu ya mgeni mmoja anayekuja kukaa kwenye kiti cha 75: argoni ya plazma (40) ikishikana na klori ya asidi yako (35), inafanya ArCl, 75. Mimi nilitia asidi kloridriki, basi nilijua huyu mgeni atakuja. Dawa yake ya zamani ni hesabu. Klori iko pia na isotopi ya 37, kwa hiyo ArCl inaonekana pia kwenye 77. Unapima 77, unaondoa sehemu ya seleni ambayo nayo inakaa pale, na kinachobaki kinakuambia ni kiasi gani cha kuondoa kwenye 75:

```
As = I75 - 3.127 × (I77 - 0.815 × I82)
```

I75 ni hesabu ya mashine kwenye uzito 75, na vilevile kwa zingine. Namba 3.127 ni uwiano wa klori 35 na klori 37. Sehemu ya I82 ni ya kukadiria seleni.

Niliweka hesabu hiyo, nikapitisha sampuli. Palo ya yule mama wa Kolwezi ilisoma mikrogramu 7.0 kwa lita. Mara mbili: miligramu 14 kwa kilo. Juu ya 12. Mdogo wetu alinitazama.

"Yaya, tutaambia ule mama nini? Iko analima lenga-lenga pale pale."

Nilikuwa nimekwisha kufungua rapore kwenye kompyuta. Vipimo vyote vya ulinzi vilikuwa vizuri. Blanki ilikuwa safi. Udongo wa rejea 96. Nilikuwa nimeongeza kiasi kinachojulikana cha arseniki ndani ya sampuli ile ile ya mama, na mashine ilikirudisha asilimia 99. Nilikuwa nimeipunguza tena mara tano, na jibu lilishuka mara tano kamili. Mtu angetaka nini tena?

Mkubwa wa labo alipita nyuma yangu, akatazama skrini, hakuangalia arseniki. Aliangalia safu ya pembeni, kobalti.

"Kobalti ni ngapi pale?"

"Miligramu 10 kwa lita, Muzee."

"Kobalti iko na uzito gani?"

"59."

"Ongeza oksijeni."

59 na 16 ni 75. Nilikaa kimya.

Maji yanaleta oksijeni ndani ya plazma kila wakati, na karibu kila metali inashikana nayo kidogo. Kobalti inashikana kidogo sana. Lakini kidogo sana ya kitu kingi ni kingi. Miligramu 10 kwa lita, mara 2000, ni miligramu 20000 kwa kilo: asilimia 2 ya udongo wa ile palo ilikuwa kobalti. Arseniki tuliyokuwa tunatafuta ilikuwa ndogo zaidi ya mara elfu moja. Ile hesabu ya klori haikuweza kusaidia kitu cha kuonekana, maana inaangalia 77, na CoO karibu haina kitu kwenye 77. Kobalti nayo iko na isotopi moja tu.

Kuthibitisha kulikuwa rahisi, na hii mtu yeyote mwenye mashine anaweza kufanya asubuhi moja. Nilichukua etaloni ya kobalti peke yake, nikatengeneza maji yenye miligramu 10 kwa lita, bila udongo, bila arseniki, bila asidi kloridriki. Nikaomba mashine inisomee arseniki. Ilinisomea mikrogramu 4.0 kwa lita.

Lakini ngoja. Labda etaloni ya kobalti yenyewe iko na uchafu wa arseniki? Swali zuri, na jibu lake njo dawa yenyewe. Mashine yetu iko na chumba kidogo kabla ya chujio, ambamo unaweza kupitisha gazi ya heliumu. Ioni moja moja kama As+ ni ndogo. Molekuli kama CoO+ au ArCl+ ni nene zaidi, hata kama uzito ni ule ule. Ikipita katikati ya heliumu inagongana mara nyingi zaidi na kupoteza nguvu. Kwenye mlango wa kutokea tunaweka kizuizi cha umeme, sawa kilima kidogo. Atomu inapanda na kupita, molekuli iliyochoka inabaki nyuma. Nikafungua heliumu na kupitisha kobalti ile ile: kutoka 4.0 ikashuka mpaka 0.1. Kama ingekuwa arseniki ya kweli, ingebaki karibu 4, maana etaloni za arseniki nazo zilisomwa na heliumu.

Nikarudia sampuli ya mama na heliumu: 3.1. Mara mbili: miligramu 6.2 kwa kilo. Nusu ya kiwango. Angalieni hesabu inavyokubali: 7.0 kutoa 4.0 ni 3.0.

Sasa tuulize kile kilichoniumiza zaidi: kwa nini vipimo vyote vya ulinzi vilinyamaza? Hapa ningependa musome polepole, juu njo moyo wa mambo yote.

Kuna makosa ya namna mbili. La kwanza ni kosa linaloongeza: linaweka juu ya jibu kitu ambacho si chake, kama mtu anayekanyaga kilo na mguu wakati unapima unga. La pili ni kosa linalozidisha: kilo yenyewe imelegea na kila kitu kinasomwa asilimia 80 ya uzito wake. CoO ni kosa linaloongeza. Nikitia arseniki ya ziada ndani ya sampuli, ile ya ziada inasomwa yote, maana mguu ulikuwa pale kabla na ungali pale baadaye. Tofauti kati ya vipimo viwili ni sawasawa, asilimia 99, huku jibu lenyewe ni uongo. Nikipunguza mara tano, kobalti nayo inapungua mara tano, uongo unashuka pamoja na ukweli. Na udongo wa rejea? Ulitoka mahali ambapo kobalti ni miligramu kama 10 kwa kilo. Kwetu ilikuwa 20000. Ulipita mtihani ambao sampuli yetu haikuulizwa kamwe. Udongo wa rejea unakulinda tu kama unafanana na udongo wako.

Basi kwa kosa linalozidisha, dawa ni gani? Ni etaloni ya ndani, na hapa njo kuna kosa langu la pili.

Maji ya udongo ni mazito kuliko maji ya etaloni. Yanaacha chumvi kwenye tundu, yanasumbua plazma, na ishara yote inashuka. Ili kuona inashuka kiasi gani, tunatia ndani ya kila chupa, blanki, etaloni na sampuli, kiasi kile kile cha metali moja ambayo haimo ndani ya sampuli. Ikisomwa asilimia 80 ya vile ilivyosomwa ndani ya blanki, tunasema arseniki nayo imeshuka mpaka 80, na kompyuta inagawanya ili kurudisha. Ni ushahidi wa jirani: jirani alinyeshewa, basi na wewe ulinyeshewa. Sharti la kwanza ni jirani awe karibu, yaani uzito na tabia vinavyofanana. Kwa arseniki 75, watu wengi wanachagua jermaniumu 72. Na mimi nilichagua jermaniumu.

Sharti la pili ni kwamba jirani asiwe anaishi ndani ya nyumba yako. Na mimi, mutoto wa Katanga, nilisahau Kipushi ni mahali gani. Mine ya Kipushi inajulikana duniani juu ya jermaniumu! Madini ya renieriti, yenye jermaniumu ndani, yalitambuliwa mara ya kwanza pale pale.

Sampuli za Kolwezi zilikuwa na etaloni ya ndani kati ya asilimia 75 na 85, kawaida kwa maji ya udongo. Sampuli moja ya Kipushi ilisoma 131. Kompyuta haikulalamika sana. Iliweka tu rangi ya manjano. Jibu la arseniki lilikuwa miligramu 11 kwa kilo. Chini ya 12. Ningeandika "salama".

Lakini 131 inasema nini? Maji mazito yanashusha ishara, hayaipandishi hivyo. Kama jirani amenenepa, kuna mtu anamlisha. Mashaka ya kwanza ilikuwa chuma, maana FeO ni 56 na 16, na hiyo ni 72. Lakini tulikuwa tayari na heliumu, ambayo inafukuza FeO. Nikatengeneza chupa moja ya sampuli ile ile bila kutia etaloni ya ndani, nikapima 72 na heliumu. Ishara ilikuwa pale, kubwa. Udongo ulikuja na jermaniumu yake mwenyewe.

Tazama uharibifu. Nikabadilisha jirani, nikatumia indiumu 115, ambayo nilihakikisha kwanza, kwa chupa isiyo na etaloni, kama udongo haukuwa nayo ya kuhesabika. Ikasoma 80. Njo kusema ishara ya kweli ilishuka mpaka asilimia 80, na ilipaswa kugawanywa na 0.80. Kompyuta iliigawanya na 1.31. Jibu la 11 lilikuwa sawa na 18 mara 0.80 gawanya na 1.31. Ukweli ulikuwa miligramu 18 kwa kilo. Indiumu ni jirani wa mbali kidogo, kwa hiyo tulihakikisha kwa kutia arseniki ya ziada ndani ya chupa ya Kipushi: ilirudi asilimia 97. Hapa kipimo hicho kinafaa, juu kosa linalozidisha haliwezi kujificha mbele yake. Nilipokifanya na jermaniumu, kilirudi 61. Kama ningekifanya kwenye ile sampuli tangu mwanzo, ningejua. Nilikifanya kwenye ya Kolwezi tu, maana ilikuwa ya kwanza kwenye orodha.

Swali la mwisho la mdogo wetu lilikuwa hili: "Sasa Yaya, tusichague rodiumu? Kwenye kitabu beko banaitumia sana." Nilimwambia achukue kalamu. Rodiumu ni 103. Shaba 63, argoni 40. Alijumlisha, akacheka. Kwenye udongo wetu wenye shaba, bila heliumu, rodiumu nayo inapata mgeni. Sasa yeye mwenyewe anafanya hesabu hiyo kabla ya kuchagua chochote: anaandika metali tano zinazojaa zaidi ndani ya sampuli, anaongeza kwa kila moja 16 ya oksijeni na 40 ya argoni, kisha anaangalia kama jumla inaangukia kwenye kiti cha mtu anayemtafuta. Ni dakika kumi na karatasi moja.

Heliumu yenyewe iko na mipaka. Inashusha pia ishara ya arseniki ya kweli, kwa hiyo kiasi kidogo sana kinakuwa kigumu kuonekana. Tena haifukuzi CoO yote: kutoka 4.0 ilibaki 0.1. Mtu akileta idroksidi ya kobalti kutoka kiwandani, yenye kobalti asilimia 30 hivi, ile 0.1 inakuwa kubwa tena. Pale lazima utenganishe kobalti kwanza, au upate mashine yenye machujio mawili, inayoshikisha arseniki na oksijeni ili isomwe kwenye 91, mbali na kiti cha vita.

Tulirudi kwa wale mama wawili. Wa Kolwezi tulimwambia kama arseniki ya palo yake haifiki kwenye kiwango, lakini tulimwambia pia ukweli ambao ile 75 ilikuwa inatuonyesha bila sisi kuelewa: kobalti asilimia 2, pale watoto wanachezea. Alituuliza kama lenga-lenga yake ni mbaya. Tulimjibu hatujapima lenga-lenga, tulipima udongo, na mdogo wetu akaomba majani. Wa Kipushi tulimwambia 18. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na mara ya kwanza mulikuwa muliona ngapi?"

Tulimwambia pia.